Mabano yenye kipeo: pembetatu haimalizi kazi yote

Barua iliyonifikia juma hili imetoka kwa mzazi mmoja wa hapa jijini ambaye anasema hesabu aliiacha shuleni pamoja na kaptura zake. Mwanawe wa kidato cha nne amerudi nyumbani na karatasi ya mtihani wa majaribio, na kuna swali moja ambalo limezua ubishi mezani. Kijana anadai ameonewa. Jibu lake la mwisho ni sahihi hadi tarakimu ya mwisho, na kikokotoo kinamuunga mkono, lakini mwalimu amempa sifuri. Mzazi anauliza: je, siku hizi ukweli nao husahihishwa kwa kalamu nyekundu?

Swali lenyewe, nikiliweka kwa Kiswahili, lilikuwa na sehemu mbili:

(a) Fungua mabano (2 − ½x)⁵ hadi kipande chenye x³.
(b) Kwa kutumia jibu lako la (a), tafuta thamani ya (1.98)⁵ katika nafasi nne za desimali.

Katika sehemu ya (a) kijana aliandika 32 − 40x + 40x² − 20x³. Katika sehemu ya (b) akaandika 30.4317, bila mstari hata mmoja wa kazi.

Nitaanza kwa kumwambia mzazi kwamba 30.4317 ni jibu sahihi kabisa. Nitamwambia pia kwamba mwalimu hakukosea. Mambo haya mawili yanaweza kukaa nyumba moja bila kugombana, lakini ili tuone ni vipi, lazima tuanzie mbali kidogo, kwenye pembetatu yenyewe.

Chukua mabano (a + b). Ukiyazidisha kwa yenyewe mara moja unapata a² + 2ab + b². Hapo wengi hawana taabu, ingawa wapo wanaosahau ile 2ab ya katikati na kuandika a² + b² pekee. Sasa zidisha tena kwa (a + b). Kila kipande kinazidishwa kwa a, halafu kila kipande kinazidishwa kwa b, kisha vinavyofanana vinakusanywa pamoja. Tazama kipande chenye a²b kinatoka wapi. Kwanza kinatoka kwa 2ab iliyozidishwa kwa a, ambayo inaleta a²b mbili. Pili kinatoka kwa a² iliyozidishwa kwa b, ambayo inaleta a²b moja. Mbili na moja ni tatu. Kwa hivyo jibu ni a³ + 3a²b + 3ab² + b³.

Umeona lililofanyika? Ile 3 imezaliwa na majirani wawili waliokuwa juu yake, 1 na 2. Haikuteremka kutoka mbinguni, wala si ya kukaririwa kama shairi. Kila unapoongeza kipeo kwa moja, kila nambari mpya ni jumla ya majirani wawili wa mstari uliotangulia, kwa sababu kila kipande kipya kina wazazi wawili: mmoja aliyezidishwa kwa a na mwingine aliyezidishwa kwa b. Zile za pembeni kabisa zina mzazi mmoja tu, ndiyo maana daima ni 1. Ukiziandika nambari hizo peke yake, mstari chini ya mstari, unapata hii:

                1
              1   1
            1   2   1
          1   3   3   1
        1   4   6   4   1
      1   5  10  10   5   1
    1   6  15  20  15   6   1

Hii ndiyo pembetatu ya vizidishi. Kizidishi ni ile nambari inayosimama mbele ya herufi. Vitabu vyetu vya shule huiita pembetatu ya Pascal, kwa jina la Mfaransa Blaise Pascal aliyeandika kitabu kizima juu yake mwaka 1654, kikachapishwa mwaka 1665 yeye akiwa ameshafariki. Lakini haikuwa mali yake. Mchina Yang Hui aliichora mwaka 1261, na kabla yake wanahisabati wa nchi za Kiislamu walikwisha kuifahamu. Pascal alifika karamuni akiwa amechelewa, lakini jina lililobaki mlangoni ni lake.

Jambo moja la kuangalia kabla hujaendelea ni mstari upi ni wako. Wanafunzi huhesabu mistari kutoka juu kabisa, wakaiita ile 1 ya peke yake mstari wa kwanza, na hapo wanapotea kwa hatua moja. Usihesabu mistari. Tazama nambari ya pili kutoka kushoto: hiyo ndiyo kipeo. Ukitaka kipeo cha 5, tafuta mstari unaoanza 1, 5. Na ukiwa umeujenga mwenyewe, jumlisha nambari zake zote. 1 + 5 + 10 + 10 + 5 + 1 ni 32, na 32 ni 2 iliyopandishwa kipeo cha 5. Mstari wowote usiotoa mbili yenye kipeo chake una kosa ndani yake, kwa maana ukiweka a = 1 na b = 1, mabano yenyewe huwa ni 2. Ni kazi ya nusu dakika, nami ningependa kila mwanafunzi aifanye pembeni mwa karatasi.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Mstari wake ulikuwa sahihi: 1, 5, 10, 10, 5, 1. Nilipoitazama kazi yake sikuona kosa lolote la pembetatu. Kosa lake lilitokea baada ya pembetatu kumaliza kazi, na hapa ndipo alama nyingi sana hupotea.

Pembetatu hukuambia ni vipande vingapi vya kila aina vilivyopo. Haikuambii ndani ya mabano yako kuna nini. Kazi ya kuvibeba vilivyomo ndani na kuvipandisha vipeo vyake imebaki ni yako. Katika (2 − ½x)⁵, a ni 2, na b ni −½x. Tafadhali soma tena: b si x, wala si ½x. Ni −½x yote, pamoja na alama yake ya kutoa na nusu yake, kama konokono na nyumba yake. Popote b inapokwenda, yote hayo yanakwenda.

Njia salama ni kuandika kila kipande kwa mabano yake kabla ya kurahisisha chochote. Kipeo cha 2 kinashuka kutoka 5 na kipeo cha (−½x) kinapanda kutoka sifuri, na kila mara vipeo viwili ukivijumlisha vinatoa 5:

1 × 2⁵
5 × 2⁴ × (−½x)
10 × 2³ × (−½x)²
10 × 2² × (−½x)³
5 × 2 × (−½x)⁴
1 × (−½x)⁵

Sasa rahisisha kimoja kimoja. Cha kwanza ni 32. Cha pili ni 5 × 16 × (−½x), yaani −40x. Hadi hapo kijana wetu alikuwa barabara.

Cha tatu ni 10 × 8 × (−½x)². Nusu ikijizidisha kwa nusu ni robo, na kutoa mara kutoa ni kujumlisha, kwa hivyo (−½x)² ni ¼x². Themanini mara robo ni 20. Kipande ni +20x². Kijana aliandika 40x² kwa sababu aliipandisha x hadi x² lakini nusu akaiacha chini. Aliandika 80 × ½ badala ya 80 × ¼. Cha nne ni 10 × 4 × (−½x)³. Nusu mara tatu ni moja ya nane, na alama za kutoa zikiwa tatu hubaki kutoa, kwa hivyo ni 40 × (−⅛x³), yaani −5x³. Yeye alipata −20x³, kosa lile lile limerudi.

Jibu la (a) basi ni 32 − 40x + 20x² − 5x³. Ukiendelea hadi mwisho utaongeza +⅝x⁴ na −(1/32)x⁵.

Je, mwanafunzi anaweza kujuaje, akiwa peke yake chumbani mwa mtihani, kwamba amekosea? Kuna njia rahisi ambayo sioni ikitumiwa vya kutosha. Chagua thamani ya x inayofanya mabano yawe nambari nyepesi. Hapa ukiweka x = 2, mabano yanakuwa 2 − 1, yaani 1, na 1 yenye kipeo chochote ni 1. Basi vipande vyote sita vikijumlishwa lazima vitoe 1. Tujaribu: 32 − 80 + 80 − 40 + 10 − 1. Naam, ni 1. Ukifanya hivyo kwa njia ya kijana, nusu ikiachwa chini kila mahali, unapata 32 − 80 + 160 − 160 + 80 − 16, ambayo ni 16. Mabano yanasema 1, kazi inasema 16. Hapo hakuna haja ya kumuuliza mwalimu.

Lakini angalia, jaribio hili linataka vipande vyote. Ukiwa umeishia kwenye x³ kama swali lilivyoagiza, halitafanya kazi, maana x = 2 si ndogo na vipande ulivyoviacha bado vina uzito. Kwa kipeo cha 5 mimi ningeandika vile viwili vya mwisho pembeni kwa ajili ya ukaguzi tu.

Sasa sehemu ya (b), ile iliyoleta ugomvi. Swali la Kiingereza huwa na neno moja fupi linalomaanisha "kutokana na hayo", na neno hilo ni agizo. Katika mtihani wa KCSE vikokotoo vinaruhusiwa isipokuwa pale ilipoelezwa vinginevyo, na neno hilo fupi ndilo linaloeleza vinginevyo. Mtahini hataki kujua kwamba unacho kikokotoo. Anataka kuona unavyopita kutoka (a) hadi (b).

Hatua ya kwanza ni kutafuta x. Andika mabano yako sawa na nambari uliyopewa: 2 − ½x = 1.98. Basi ½x ni 0.02, na x ni 0.04. Hatua hii iandike, usiifanye kichwani, kwa sababu ina mitego miwili. Wako wanaochukua 1.98 yenyewe na kuiweka mahali pa x. Hao hupata 32 − 79.2 + 78.408 na kadhalika, na mwisho wanaangukia takriban −7.6. Angalau kosa hilo linapiga kelele: nambari kubwa kuliko sifuri haiwezi kupandishwa kipeo ikawa chini ya sifuri. Mtego wa pili ni wa kimyakimya. Mwanafunzi anaona 2 imepungua kwa 0.02, anaweka x = 0.02, anapata 31.20796. Nambari hiyo inapendeza macho, iko karibu na 32, lakini ni (1.99)⁵. Dawa yake ni kuirudisha x ndani ya mabano kabla ya kuendelea: nusu ya 0.04 ni 0.02, na 2 kutoa 0.02 ni 1.98. Sawa.

Sasa weka 0.04 katika kila kipande:

32
−40 × 0.04 = −1.6
+20 × 0.0016 = +0.032
−5 × 0.000064 = −0.00032

Jumla ni 30.43168, na katika nafasi nne za desimali ni 30.4317.

Tazama jinsi vipande vinavyokonda. Cha kwanza ni makumi, cha pili ni moja na ushei, cha tatu ni sehemu chache za mia, cha nne hakionekani kwa urahisi. Hiyo ndiyo siri ya kuishia kwenye x³. Tungeishia kwenye x² tungepata 30.4320, na hiyo ni sahihi katika nafasi tatu tu. Tungeongeza kipande cha x⁴ tungeongeza 0.0000016, ambayo haigusi nafasi ya nne hata kidogo. Kwa hivyo kanuni ya kujua uishie wapi ni kutazama kipande kinachofuata, kile unachotaka kukiacha. Kikiwa kidogo mno kiasi cha kutobadili tarakimu unazotakiwa kutoa, kiache. La sivyo, kiingize.

Na kijana wetu? Kama angefuata agizo na kuweka 0.04 katika jibu lake la (a), angepata 32 − 1.6 + 0.064 − 0.00128, yaani 30.46272. Kikokotoo chake kilikuwa kimemwambia 30.4317. Nambari hizo mbili zingesimama mbele yake zikibishana, naye angejua papo hapo kwamba sehemu ya (a) ina kosa, akarudi kuisahihisha, akapata alama zote. Kikokotoo kilikuwa shahidi wake bora, naye akakitumia kuruka ukuta. Ndiyo maana nasema mwalimu hakukosea. Jibu la (b) halikutokana na (a), na yeyote aliyesoma karatasi hiyo aliliona hilo mara moja.

Mzazi aliongeza swali mwishoni mwa barua yake, nami nalipenda kuliko la mwanzo. Anauliza mambo haya ya mabano yatamsaidia nani akishatoka shule. Jibu liko mfukoni mwake.

Tuseme umekopa shilingi 50,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, na riba inaongezwa juu ya deni kila mwezi, nawe hujalipa chochote hadi mwaka uishe. Wengi husema asilimia 1 mara miezi 12 ni asilimia 12, basi riba ni shilingi 6,000. Lakini kila mwezi deni linazidishwa kwa 1.01, na baada ya mwaka limezidishwa kwa (1 + 0.01)¹². Hayo ni mabano yenye kipeo cha 12. Ukiendelea kujenga pembetatu, mstari wa 11 unaanza 1, 11, 55, 165, 330, na kwa kujumlisha majirani, mstari wa 12 unaanza 1, 12, 66, 220, 495. Hapa a ni 1, ambayo haibadiliki hata ukiipandisha vipi, na b ni 0.01. Zidisha kila kipande kwa 50,000:

1 → shilingi 50,000
12 × 0.01 → shilingi 6,000
66 × 0.0001 → shilingi 330
220 × 0.000001 → shilingi 11
495 × 0.00000001 → senti 25 hivi

Riba ni shilingi 6,341 na senti 25. Na sasa pembetatu inakueleza ile 341 imetoka wapi. Fikiria mabano 12, moja kwa kila mwezi, na kutoka kila bano unachagua ama 1 au 0.01. Shilingi 6,000 ni riba ya deni la asili: njia 12 za kuchagua mwezi mmoja. Shilingi 330 ni riba iliyozaliwa na riba. Ili ipatikane lazima uchague miezi miwili, mmoja wa kuzaa riba na mwingine wa baadaye wa kuitoza riba hiyo, na jozi za miezi miwili ndani ya mwaka ni 66. Shilingi 11 ni wajukuu: riba ya riba ya riba, miezi mitatu kwa wakati mmoja, njia 220. Nambari za pembetatu, kwa maneno mengine, zinahesabu njia za kuchagua, na mkopeshaji anazijua hata kama hajui jina la Pascal.

Kwa riba ya asilimia 1, wajukuu hao ni wa kuchekwa. Sasa mwende mzazi na kijana kwa shailoki wa mtaani anayetoza asilimia 10 kwa mwezi kwa mtindo huo huo. Mstari ni ule ule wa 12, lakini b imekuwa 0.1:

1 + 1.2 + 0.66 + 0.22 + 0.0495 + ...

Vipande havikondi haraka tena. Anayehesabu kwa kichwa husema asilimia 120, deni ni shilingi 110,000. Anayechukua vipande vitatu vya kwanza kama tulivyozoea hupata 2.86, yaani shilingi 143,000. Deni halisi ni mara 3.1384, kama shilingi 156,921. Yule wa vipande vitatu amepungukiwa na karibu shilingi 14,000, na yule wa kichwani amepungukiwa na karibu 47,000.

Hapo ndipo mpaka wa njia hii. Kukata vipande vya mwisho ni halali pale tu b ikiwa ndogo sana ikilinganishwa na a, na kipeo kisiwe kikubwa mno. Kwa 0.02 mbele ya 2 tulikata bila wasiwasi. Kwa 0.1 yenye kipeo cha 12 ukikata mapema unajidanganya. Na kama nilivyosema, kipande unachotaka kukiacha ndicho kitakachokuambia, usiwe mvivu wa kukihesabu. Pembetatu nayo ina mpaka wake: haina mstari wa kipeo cha nusu wala cha chini ya sifuri. Huko kuna njia nyingine, na haimo katika swali letu la leo.

Kabla sijaweka kalamu chini, hili hapa la kijana wa barua na wenzake. Fungua (1 + 3x)⁶ hadi kipande chenye x³, kisha utumie jibu lako kutafuta (0.97)⁶ katika nafasi nne za desimali. Mabano yana alama ya kujumlisha lakini 0.97 ni chini ya 1, kwa hivyo itabidi ufikirie x yako ina alama gani kabla ya kuiweka popote. Na ile 3 ikae na x yake kila mahali, 9 inapotakiwa 9 na 27 inapotakiwa 27. Jibu la mwisho silifichi: ni 0.8330. Ukipata 0.8335 umeishia kipande kimoja mapema, na ukipata 1.1940 umesahau alama ya x.